Kiganja laini na cheupe, kweli ni uvivu?

"Wakuu, kuna mtu kanishika mkono akasema kiganja changu laini na kimepauka, eti mimi mvivu sina nguvu. Kuna ukweli?"

Mkuu, huyo kasoma nusu nusu. Kwa wasoma viganja, ulaini wa ngozi na ugumu wa nyama ni vitu viwili tofauti. Ngozi laini wanasema ni mtu mwepesi kuguswa na mambo, basi. Nguvu wanaitafuta kwenye nyama, unabonyeza ule mnofu chini ya kidole gumba, ukirudi haraka kama mpira wanasema una nguvu na unamaliza kazi, ukibonyea tu kama unga uliokandwa ndo wanasema mtu wa kupenda raha. Kwahiyo unaweza kuwa na ngozi laini na nyama ngumu, na huyo kwao si mvivu hata kidogo.

Rangi wanaitazama mkono ukiwa umetulia, maana ukitoka kwenye baridi unaweza kupauka. Weupe wanasema mtu aliyepoa, wekundu mwenye moto. Ila hizo ni imani tu, sayansi haijathibitisha, na ngozi yenyewe inabadilika na kazi. Kama umepauka mpaka ndani ya kope na unachoka hovyo, kapime damu, inaweza kuwa upungufu.