Pima pingi kabla hujaongeza kifurushi cha intaneti ya dishi

Mdogo wangu mmoja wa Nanyumbu kaniandikia: "Kaka, nimehamia kifurushi kikubwa, video hazikwami, lakini kwenye mechi ya eFootball nabonyeza pasi, mchezaji anaduwaa. Dishi bovu?"

Dishi zima, mdogo wangu. Nilipokuwa Liwale nacheza na jamaa wa Dar kwa intaneti ya dishi, walinitoa kwenye ligi yao wakidai nina kidole kizito. Mpaka leo linaniuma, maana kidole hakikuwa na kosa.

Dishi lililofungwa likaelekea sehemu moja tu huwa linaangalia setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ukibonyeza pasi, amri inapanda kule, inashuka kituo cha ardhini, ndipo iende kwenye seva. Jibu nalo linapanda na kushuka. Jumla ni zaidi ya kilomita 143,000, na mawimbi ya redio yanakwenda karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Umbali peke yake umekula karibu nusu sekunde, na mitambo ya njiani huifikisha milisekunde 600 au zaidi. Kwa muda huo mshambuliaji anayekimbia mita 8 kwa sekunde ameshasogea karibu mita 5. Wewe unakaba alipokuwa. Kifurushi kikubwa kinapitisha data nyingi zaidi kwa sekunde, lakini setilaiti iko palepale.

Kwa hiyo pima pingi kwanza, yaani milisekunde ambazo ujumbe unatumia kwenda na kurudi. Kwenye kompyuta ya Windows andika:

```
ping -n 20 8.8.8.8
```

Soma namba inayofuata baada ya `time=`. Ikiganda kwenye 600 na kitu, huo ni umbali, usimlipe fundi. Ikiruka kutoka 600 hadi 1500, uliza nani nyumbani anapakua video. Mwambie asimamishe, kisha upime tena. Ukiona `Request timed out` mvua ikinyesha, mawimbi yanapotea angani. Setilaiti za chini, kama za Starlink zilizo kilomita 550 hivi, mara nyingi hukaa chini ya 100, na hapo mpira unachezeka.

Kwenye dishi la mbali, achana na mechi za mpira, ngumi na kulengana risasi. Clash of Clans inakubali, kwa sababu unavamia kijiji ambacho mwenyewe hachezi nawe papo hapo. Ludo na drafti za kupokezana zamu pia hazisumbui.

Mimi nilihamia chesi, na wale wale walionitoa nawafunga. Ila chagua saa vizuri. Hatua 40 kwa ucheleweshaji wa sekunde 0.6 zinakula sekunde 24, kama gemu haifidii. Kwenye mchezo wa dakika 10 kila upande huzisikii. Kwenye mchezo wa dakika 1 umebaki na sekunde 36 dhidi ya mwenzako mwenye 60, kwa hiyo wakikualika huo, kataa.