Sekunde saba za mabeseni mawili

Juzi msomaji kaniandikia: "Kaka, nimerekodi klipu ya kuanguka mara kumi na tano, goti limevimba na hakuna aliyecheka." Nikacheka peke yangu, kisha nikaona haya, maana huyo nilikuwa mimi.

Klipu yangu ya kwanza ilikuwa na sekunde kumi na tisa. Jamaa kavaa kanzu nyeupe ya Ijumaa, anatoka ndani, anakutana na beseni la kufulia njiani. Analizunguka kwa maringo, anageuka kulibeua, anarudi kinyumenyume, kisha anakalia beseni la kusuuzia. Nilimwonyesha mtu niliyemheshimu sana kwenye fani hii. Akanirudishia simu akisema, "Wewe baki kwenye kurekodi harusi." Mpaka leo neno hilo linanichoma.

Lakini dada yangu ndiye aliyenipa dawa. Aliuliza, "Hilo la pili limetoka wapi?" Basi! Nilikuwa nimelificha nikidhani kushtukiza ndiko kunakochekesha. Mtazamaji lazima auone mtego kabla ya mhusika. Nikarudia: kamera imetulia, pana, mabeseni yote mawili yanaonekana tangu mwanzo. Mwanzoni jamaa alikuwa anafungua mlango na kuangalia saa; hayo nikayatupa. Sura kwa karibu nayo nikaiacha, kwa sababu ukikata kwenda usoni, unauficha mtego uliokwisha kuutega.

Sasa hesabu. Sekunde mbili za kuona mabeseni na mtu akitokea, mbili za kuzunguka. Kisha anasimama, anabeua. Hapo ndipo penye kazi. Simu yangu hurekodi fremu 30 kwa sekunde, yaani picha 30 zilizofuatana. Kituo hicho cha kubeua nilipokipa fremu 10, kule kubeua hakukusomeka, akaonekana mtu aliyejikwaa tu. Nilipokipa 40, dada akasema "atakalia" kabla hajakalia, na kicheko kikafia hapo. Nikatua kwenye 18. Kuanguka hakufiki sekunde moja. Nikaondoa fremu mbili kabla tu ya kanzu kugusa maji, pigo likawa kali zaidi, na sauti ya "chubwi!" nikaiweka kwenye fremu ileile ya kugusa. Ikichelewa kidogo tu, masikio hulalamika.

Baada ya hapo usikate haraka, nawaambieni! Muache akae majini sekunde moja na nusu, bila kusema neno, akilitazama lile beseni la kwanza. Kicheko kikubwa kilitokea hapo, wala si kwenye kuanguka. Vijana mnapenda kukata kama mnafukuzwa.

Kwa hiyo wewe wa goti: zima sauti, mwonyeshe mtu asiyejua kisa. Akiuliza "imekuwaje?", hukutega. Akitabiri kwa sauti, umekawia. Na klipu kumi na tano unazo tayari, kata hizohizo, usianguke tena.