Barua ya onyo kwa mpangaji: "usiku wa Jumamosi" ni usiku upi?

Mpangaji wa nyumba namba 4 alinirudishia mkononi barua yangu ya kwanza ya kumwonya kuhusu kelele na wageni wake. Alikuwa ameizungushia duara la kalamu nyekundu sehemu moja tu: "usiku wa Jumamosi, tarehe 2 Septemba 2023." Akaniambia kwa upole kabisa, "Mama, usiku huo nilikuwa Voi mazishini. Nyumba ilikuwa na kufuli." Akanionyesha na tiketi ya basi.

Nilikuwa na flati sita Bamburi, Mombasa, alizotuachia marehemu baba, na hiyo ndiyo barua ya onyo ya kwanza kuiandika maishani mwangu. Nilirudi getini nikiwa nimekasirika, nikamuuliza mzee wetu askari mbona amenidanganya. Mzee akashangaa. Kelele zilikuwapo, tena mpaka saa nane, usiku wa Jumamosi. Tulibishana dakika nzima kabla sijang'amua. Mzee ni mtu wa Kisauni, na kwake siku mpya huingia jua likitua, kwa hiyo usiku wa Jumamosi ni ule unaoitangulia Jumamosi. Mimi nilifungua kalenda ya simu, nikaona Jumamosi ni tarehe 2, nikaandika. Zogo lenyewe lilikuwa Ijumaa, tarehe 1. Na mimi mzaliwa wa Majengo, niliyelelewa na bibi aliyehesabu siku hivyo hivyo!

Tangu hapo natumia namna moja tu: "usiku wa Ijumaa tarehe 1 kuamkia Jumamosi tarehe 2, kuanzia saa tano hadi saa nane." Ni ndefu, lakini haina mlango wa kutokea.

Tarehe haikuwa kosa la pekee. Nilikuwa nimeandika kwamba "wageni wako wanapiga kelele kila wikendi na umejaza watu nyumbani." Ukiisoma sentensi hiyo kwa jicho la mpangaji, haina cha kujibu wala cha kutekeleza. Kila wikendi ni zipi? Watu wangapi, akina nani? Afanye nini, na kufikia lini? Zaidi ya hayo nilikuwa nimefunga mambo mawili kitita kimoja. Kelele ni jambo la kukoma leo usiku. Mtu aliyehamia na godoro lake hawezi kuondoka leo usiku, na ukimtaka aondoke kesho unaonekana mkorofi hata kama haki ni yako.

Kabla ya barua ya pili nilikaa chini na mkataba. Kifungu cha utulivu kilikuwa wazi: mpangaji anawajibika kwa kelele zake na za wageni wake, na baada ya saa nne usiku sauti isitoke nje ya nyumba. Cha wakaaji kilisema nyumba itakaliwa na mpangaji na dada yake, na mwingine yeyote kwa idhini ya maandishi. Lakini hakikusema mgeni anageuka mkaaji lini. Wahenga wameliweka sawa, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ila methali haikuwa imeandikwa kwenye mkataba wangu. Mpangaji angeweza kuniambia binamu yake ni mgeni wa miezi mitatu, nami ningebaki kukuna kichwa.

Basi ilinibidi nionyeshe ukaaji kwa dalili. Ya kwanza ilikuwa maji. Kila flati ina mita yake ndogo, kwa kuwa maji tunayanunua kwa bauza mfereji ukikauka. Namba 4 ilikuwa ikitumia yuniti 6 au 7 kwa mwezi, yaani lita elfu sita hadi elfu saba. Julai ikapanda hadi 11, Agosti 15. Hapo usikimbilie kuhesabu watu, kwa sababu choo kinachovuja huweza kukupa hesabu hiyo hiyo. Nilimwomba askari asome mita saa sita usiku na tena saa kumi alfajiri, siku mbili watu wakiwa wamelala. Haikusogea. Maji yalikuwa yakitumiwa na watu.

Dalili ya pili ilikuwa bora kuliko mita. Mgeni hubisha hodi au humpigia mwenyeji simu ashuke. Vijana wawili wa namba 4 walikuwa na funguo zao wenyewe, za geti na za mlango, nami sikuwahi kutoa zaidi ya seti mbili. Daftari la getini lilionyesha wakiingia jioni na kutoka asubuhi na mikoba ya kazi, siku 19 za Agosti mmoja, 22 mwingine. Sikuhitaji kupekua nyumba ya mtu. Na usiingie, hata kama una ufunguo wa akiba, maana hapo kosa linahamia kwako.

Kuhusu kelele, nilishauriwa nipime kwa simu. Kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2009 zinaweka kikomo cha desibeli 35 usiku katika makazi, na usiku wenyewe unahesabiwa kuanzia saa mbili. Ni kikomo cha chini mno, hata mazungumzo ya kawaida yanakipita. Lakini simu yangu si kipimo kilichothibitishwa, na ukiandika desibeli mtaishia kubishania kipimo badala ya usingizi wa jirani. Niliandika kilichosikika, wapi, mlango ukiwa umefungwa. Majirani wawili walikubali kuwa mashahidi kwangu, na majina yao sikuyatia kwenye barua. Wanapanda ngazi moja na mpangaji huyo kila siku.

Barua ya pili ilikuwa hivi, nikiacha anwani na majina:

"12 Septemba 2023

MINT: ONYO KUHUSU KELELE ZA USIKU NA WAKAAJI WASIOIDHINISHWA, NYUMBA NAMBA 4

Barua hii inachukua nafasi ya ile ya tarehe 4 Septemba, ambayo ilikosea tarehe. Naomba radhi kwa kosa hilo.

Kwanza, kelele. Usiku wa Ijumaa tarehe 1 kuamkia Jumamosi tarehe 2 Septemba, saa tano hadi saa nane, na usiku wa Jumamosi tarehe 9 kuamkia Jumapili tarehe 10 Septemba, saa tano na nusu hadi saa saba, muziki na makelele ya wageni wako yalisikika ndani ya nyumba za jirani zikiwa zimefungwa, na kwenye ngazi. Hilo linakiuka kifungu cha 8 cha mkataba. Nakutaka kuanzia leo uhakikishe kwamba baada ya saa nne usiku sauti haitoki nje ya nyumba yako, na wageni wanashuka ngazi kimya.

Pili, wakaaji. Nina sababu ya kuamini kwamba watu wazima wawili, mbali na wewe na dada yako, wanaishi katika nyumba hii tangu Julai, bila idhini ya maandishi inayotakiwa na kifungu cha 5. Kufikia tarehe 16 Oktoba 2023, ama wawe wamehama na funguo za ziada zimerudishwa kwangu, ama uwe umeniletea ombi la maandishi lenye jina na nakala ya kitambulisho cha kila unayetaka abaki. Ombi nitalijibu kwa maandishi ndani ya siku 7.

Ikiwa kuna nililolikosea hapa, nijibu kwa maandishi. Mambo haya yakiendelea, nitachukua hatua za kisheria za kusitisha mkataba."

Tarehe 16 Oktoba sikuiokota hewani. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya 2012, kifungu cha 75, inamtaka mwenye nyumba, kabla ya kudai kuuvunja mkataba kwa kosa la mpangaji, ampe notisi ya siku zisizopungua 30, ataje kosa lenyewe, na kama linarekebishika ampe muda wa kulirekebisha. Onyo langu halikuwa notisi hiyo, na sikulipa jina hilo. Lakini nilitaka muda usiopungua ule wa sheria, ili tukifika mbali asiseme nilimbana. Nikaongeza siku chache za kupokelewa kwa barua. Kumfungia mtu mlango, kumkatia maji au kung'oa mita ya stima hakumo humo, hata kama jirani yako mwenye ploti atakuambia ndiyo dawa.

Nilichapisha nakala mbili. Kwenye nakala yangu niliandika chini, "Nimepokea barua hii. Kutia sahihi si kukubali yaliyomo," pamoja na nafasi ya tarehe. Sentensi hiyo fupi ilimtuliza, maana aliogopa akitia sahihi amekiri. Angekataa, ningemwita msimamizi wa ploti ashuhudie nikimkabidhi, aandike saa na sahihi yake, kisha nitume picha ya barua kwa WhatsApp.

Wiki iliyofuata nusura nijiharibie mwenyewe. Kodi ya Oktoba iliingia M-Pesa kutoka kwa jina nisilolijua, 11,000, halafu 11,000 nyingine kutoka kwa mpangaji. Yule wa kwanza alikuwa mmoja wa vijana wale wawili, na akaniomba risiti. Ningemwandikia kwa jina lake, angekuwa na karatasi yangu mwenyewe inayoonyesha napokea kodi kwake, na mimi nadai simtambui. Risiti niliiandika kwa jina la mpangaji pekee, shilingi 22,000, na nikamtumia yeye ujumbe kwamba kodi naipokea kwake tu, na malipo haya hayamfanyi mwingine yeyote kuwa mpangaji.

Alijibu tarehe 9 Oktoba, ukurasa mmoja wa mkono. Mmoja wa vijana alikuwa rafiki, na angehama mwisho wa wiki. Wa pili alikuwa mdogo wake, amepata kibarua cha miezi sita Mtwapa, akaomba abaki. Nilimruhusu mpaka mwisho wa Machi, kwa barua yenye jina lake, na humo nikaongeza kifungu kilichokuwa kikikosekana: anayelala zaidi ya usiku 7 ndani ya mwezi mmoja ni mkaaji, si mgeni. Mpangaji na mdogo wake wakatia sahihi. Rafiki aliondoka na seti moja ya funguo ikarudi. Geti nililibadilisha kitasa hata hivyo, nikagawa funguo upya kwa flati zote sita, maana funguo huchongwa popote.

Muziki ulikoma. Mwishoni mwa barua yake, hata hivyo, alikuwa ameandika kwamba wageni wake hushuka kimya, ila geti lenyewe hubamiza hata likisukumwa kwa kidole. Nilisimama pale usiku mmoja nikalijaribu. Nilitumia shilingi 350 kununua kipande cha mpira wa tairi na misumari, na fundi akakipigilia kwenye fremu.