Fuso mbili au semi moja, Kondoa au Singida?

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Nanunua mahindi Kibaigwa na kuyapeleka Arusha, safari hii tani 18. Kuna Fuso mbili, kila moja tani 10: kukodi 600,000, halafu kila tani 45,000. Kuna semi ya tani 28: kukodi 1,500,000, kila tani 30,000. Nikipita Kondoa nina mteja lazima nimshushie tani 4 au zaidi, na ananilipa 5,000 pungufu ya bei ya Arusha kwa tani. Nikipita Singida, mteja wa huko anataka tani 6 hadi 8 na anaongeza 30,000 kwa tani, ila njia ni ndefu: Fuso inaongeza 120,000, semi 180,000. Magari yote yanapita njia moja kwa sababu nina msimamizi mmoja. Nimeweka IF kwenye Excel, Solver ikagoma. Nikaweka "namba kubwa" kama nilivyosoma, sasa inapakia semi lakini kodi yake inasoma sifuri. Na masharti ya Kondoa na Singida yananilazimisha kushusha kote kuwili. Nakosea wapi?

Jibu: Habari ni njema, ndugu. Anza kwa kufuta IF. Simplex LP, mbinu ya Solver ya hesabu za mstari ulionyooka, inataka kila gharama iwe namba mara kigeu, basi. Gharama inayoruka kutoka sifuri hadi 600,000 mara gunia la kwanza linapopanda haina sura hiyo, ndiyo maana Solver hutoa ujumbe huu: `The linearity conditions required by this LP Solver are not satisfied`. Wengi wakifika hapo huhamia mbinu nyingine ya Solver, GRG Nonlinear, ambayo haigomi. Heri ingegoma. GRG hutafuta kwa kupima mteremko wa gharama pale ilipo, na penye mruko hakuna mteremko wa kupima, kwa hiyo jibu lake hutegemea namba zilizokuwa kwenye seli ulipobonyeza kitufe. Badilisha namba za kuanzia uone: kuna siku itakupa Fuso, kuna siku semi.

Mruko huo ubebeshe kigeu cha ndiyo au hapana. Kila gari lipe seli mbili: `x` ni tani linazobeba, na `y` ni seli ambayo kwenye dirisha la masharti unaichagulia `bin`, yaani iwe 0 au 1 tu. Namba 1 na 2 ni Fuso, 3 ni semi, na fedha naziandika kwa maelfu ya shilingi:

```
gharama = 600*y1 + 600*y2 + 1500*y3
        + 45*x1 + 45*x2 + 30*x3
x1 + x2 + x3 = 18
x1 <= 10*y1
x2 <= 10*y2
x3 <= 18*y3
```

Tuache njia kando kidogo tuangalie magari peke yake. `y1` ikiwa 0, Fuso ya kwanza haipakii hata kilo. Ikiwa 1, inaruhusiwa hadi tani 10 na kodi yote inahesabiwa. Huna haja ya kuandika upande wa pili, kwamba gari lisilo na mzigo lizimwe. Kodi ni gharama na Solver inapunguza gharama, italizima yenyewe.

Semi nimeiwekea 18, si 28, na hapo ndipo shida yako ya namba kubwa, yaani namba inayozidishwa na `y`, ilipo. Solver haianzi kwa kujaribu ndiyo na hapana. Kwanza hujifanya `y` inaweza kuwa namba yoyote kati ya 0 na 1, inatatua hesabu hiyo nyepesi, kisha ndipo inaanza kugawa matawi: hili y ni 0, hili y ni 1. Ukiweka 28, hesabu nyepesi inasema kodi sehemu ya semi, 18/28, yaani 0.643, na gharama inakuwa takriban 1,504,000. Mtu asiyejua anaikuza 0.643 kuwa 1 na kutuma semi kwa 2,040,000, wakati Fuso mbili ni 2,010,000. Ukiweka 18, kwa kuwa mzigo wote hauzidi hapo, hesabu nyepesi hiyohiyo inapanda hadi 1,890,000. Imesogea jirani na jibu la kweli bila kukata chaguo hata moja halali. Kwa magari matatu hutaona tofauti. Kwa magari thelathini na vituo kumi, ndiyo tofauti kati ya kusubiri sekunde chache na kuacha kompyuta ikihangaika usiku kucha.

Sasa weka 100,000,000 mahali pa 18. Ili kubeba tani 18 inatosha `y3` iwe 0.00000018. Solva nyingi huvumilia kosa dogo kwenye namba nzima, kwa kawaida kati ya sehemu moja ya laki na sehemu moja ya milioni. Hiyo 0.00000018 ni ndogo kuliko uvumilivu huo, kwa hiyo inapokelewa kama sifuri halali, na kodi ya semi inakuwa senti 27. Si shilingi 27, senti. Seli inaonyesha 0 kwa sababu umeiweka isionyeshe desimali nyingi. Ndivyo unavyoitambua hali hii: ongeza desimali kwenye seli za `y`, au hesabu gharama kwa mkono kutokana na `x` peke yake na uilinganishe na ile ya Solver. Zikipishana kwa kiasi cha kodi ya gari zima, namba yako ni kubwa mno. Kanuni ninayoifuata ni kwamba namba hiyo iwe kile kidogo kati ya uwezo wa gari na mzigo uliopo, na kila gari liwe na yake.

Njia nayo ni kigeu kimoja, `z`: 1 ni Singida, 0 ni Kondoa. Uliandika masharti yote mawili yakiwa wazi, na Solver ikayatii yote mawili. Haina namna ya kujua kwamba ulimaanisha "hili au lile". Kila sharti lazima lipewe mlango wa kulegea pale njia yake isipochaguliwa. Tani za Kondoa ziwe `k`, za Singida `s`, zinazofika Arusha `a`:

```
s + k + a = 18
k >= 4 - 4*z
k <= 18 - 18*z
s >= 6*z
s <= 8*z
```

Tazama mstari wa pili. `z` ikiwa 0, unasema Kondoa tani 4 au zaidi. Ikiwa 1, unasema k isipungue sifuri, jambo ambalo ni kweli siku zote, yaani sharti limelala. Hiyo 4 iliyo mbele ya `z` inatoka kwenye swali moja: sharti hili likivunjwa vibaya kabisa, litavunjwa kwa kiasi gani? Kushusha sifuri badala ya tani 4, basi ni 4.

Ukikosea kwa kuipunguza, mambo ni mabaya kuliko kuizidisha. Tuseme umeandika `k >= 4 - 2*z`. Ukichagua Singida, sharti linataka tani 2 Kondoa wakati mstari unaofuata unakataza hata kilo. Singida inakuwa haiwezekani, Solver inachagua Kondoa kwa utulivu na kukupa jibu safi lisilo na onyo lolote. Kipimo chake ni rahisi: ifunge `z` kwa 1 kwa mkono, tatua, kisha ifunge kwa 0, tatua tena. Njia ambayo unajua inapitika ikitoa `Solver could not find a feasible solution`, kuna namba uliyoibana.

Kinachobaki ni nyongeza ya Singida, ambayo inalipwa tu kama gari limekodiwa na njia ni Singida. Kishawishi ni kuandika `120*y1*z`. Hiyo ni vigeu viwili vilivyozidishana, na Simplex LP itagoma tena. Badala yake kila gari lipe `w`, isiyopungua sifuri:

```
w1 >= y1 + z - 1
w2 >= y2 + z - 1
w3 >= y3 + z - 1
gharama ongeza: 120*w1 + 120*w2 + 180*w3 + 5*k - 30*s
```

`w` inalazimika kuwa 1 pale tu `y` na `z` zote ni 1; kwingine gharama inaisukuma hadi sifuri. Hii inafanya kazi kwa sababu nyongeza ni gharama. Kama ingekuwa punguzo, Solver ingeivuta `w` juu bila sababu, na ungehitaji pia `w1 <= y1` na `w1 <= z`.

Ukiyaunganisha yote, Fuso mbili kupitia Kondoa ni 2,030,000 na semi kupitia Kondoa ni 2,060,000. Fuso mbili kupitia Singida ni 2,010,000, semi kupitia Singida 1,980,000. Angalia: magari peke yake, Fuso zilishinda, njia ilipoingia, semi ikazipita, kwa sababu tani 8 za Singida zinaleta 240,000 ileile kwa gari lolote, huku semi ikilipa nyongeza moja ya 180,000 na Fuso zikilipa mbili. Ungeamua gari kwanza kisha njia, ungepoteza 30,000. Kabla ya kuamini jibu, ingia kwenye Options ya Solver, `Integer Optimality (%)` iweke 0. Ikiwa 1, inaruhusiwa kusimama kwenye jibu linalozidi lililo bora kwa takriban 20,000 kwenye hesabu ya ukubwa huu.

Jambo la mwisho ni hilo sharti lako la msimamizi mmoja. Jaribu kuliondoa: kila gari liwe na `u` ya Kondoa na `v` ya Singida, `u1 + v1 = y1`, na tani zake zigawanywe kwa njia, kila kundi likibanwa na `u` au `v` yake. Hapo `w` haihitajiki tena, `v` yenyewe ndiyo inayobeba nyongeza. Tani 4 za Kondoa zitadaiwa kama kuna gari lolote lililopita huko. Fuso moja ikipita Singida na tani 10 na kushusha 8, nyingine ikipita Kondoa na tani 8 na kushusha 4, gharama yote ni 1,910,000. Ni 70,000 chini ya semi. Kwa hiyo kama unaweza kumpata msimamizi wa pili kwa chini ya hapo, posho na nauli ya kurudi Kibaigwa vikiwemo, acha semi.