Si kweli, chuku, uzushi au uongo? Andika neno unaloweza kulithibitisha

Mwandishi akirudi ofisini na ushahidi kwamba mkubwa fulani amesema jambo ambalo silo, kichwa cha habari kinachomjia kwanza ni "adanganya". Neno fupi, linaenea kwenye mstari, na wasomaji wanalifungua. Nimehariri habari za Unguja na Pemba kwa miaka mingi, na swali ninalowauliza wadogo zangu kabla ya kulipitisha neno hilo ni moja tu: hapa unaisema kauli, au unamsema aliyeitoa?

Ukiandika "si kweli", unaisema kauli. Umeiweka kando ya ushahidi na havikulingana, basi. Hujasema lolote kuhusu aliyoyajua mzungumzaji. Ukiandika "alidanganya" au "alisema uongo" (urongo, kama wengi wetu tunavyotamka huku visiwani), umeshamsema mtu: aliujua ukweli, akasema kinyume chake, akitaka aaminiwe. Hayo ni madai matatu, na kila moja linataka ushahidi wake.

Wengi hawalioni tatizo lililomo kwenye neno "alikosea". Huonekana neno la adabu, la kujikinga. Lakini nalo linamsema mtu. Anayeandika "alikosea" anamwambia msomaji kwamba mzungumzaji hakukusudia, na hilo pia analijua nani? Mara nyingine unakuwa na msingi. Meli ya MV Spice Islander I ilipozama Septemba 2011, idadi ya abiria iliyotajwa mwanzoni ilikuwa ya mamia, na tume ya uchunguzi ikaja kuhitimisha kwamba walikuwa zaidi ya 2,000. Chombo kikipakia kupita kiasi, orodha ya abiria haina majina ya waliozidi, kwa hiyo anayeisoma orodha hiyo saa chache baada ya maafa anaweza kutoa idadi isiyo sahihi bila ya kukusudia kumpoteza mtu. Hata hapo, neno ninaloliamini zaidi ni "idadi hiyo haikuwa sahihi", kwa sababu linaihusu idadi na si dhamiri ya aliyeisoma.

Nichukue kisa kimoja kilichopita mezani kwetu. Kampuni moja ya ujenzi ilikuwa na kandarasi ya kujenga madarasa sita katika skuli moja ya Wilaya ya Wete. Siku ya Jumamosi, meneja wake aliwaambia waandishi Chake Chake kwamba madarasa yote sita yamekamilika na wanafunzi wanasomea humo. Jumatatu asubuhi mwandishi wetu alikwenda skuli. Manne yalikuwa na mabati, madirisha na watoto ndani. Mawili yaliishia kwenye linta, nyasi zimeanza kuota sakafuni, na mbuzi wawili wamejilaza kivulini. Akapiga picha, akazungumza na mwalimu mkuu na sheha, akarudi na habari yenye kichwa "Meneja adanganya umma kuhusu madarasa".

Nikamuomba tuikate kauli vipande. Kuna kipande cha "yote sita yamekamilika" na kipande cha "wanafunzi wanasomea humo". Kila kimoja kinaweza kupimwa kwa macho, na vyote viwili havikusimama. Kisha tukatazama wakati: kauli ni ya Jumamosi, sisi tumefika Jumatatu. Hapa siku mbili hazikuleta shida, maana jengo haliwezi kuezekwa Jumamosi likawa halina paa Jumatatu, na nyasi za sakafuni zilikuwa za wiki nyingi. Lakini ingekuwa ni maji au umeme, siku mbili zingetosha kuibadilisha hali, na ungelazimika kutafuta mtu aliyefungua bomba siku hiyo hiyo ya Jumamosi.

Baada ya hapo tulikuwa na hakika ya "si kweli". Zaidi ya hapo hatukuwa nayo.

"Kaka, mbona tunamlinda?" aliniuliza. "Madarasa hayana paa, kila mtu anaona."

"Hatumlindi, mdogo wangu. Wewe umeyaona Jumatatu. Jee, yeye aliyaona lini? Mpigie."

Meneja alipopigiwa alisema kwamba alitegemea taarifa ya msimamizi wake wa eneo la kazi, na yeye mwenyewe hajafika hapo muda mrefu. Jibu hilo linawezekana, na tulilichapisha kama alivyolitoa. Kichwa tulichotoka nacho siku ile kilikuwa "Madarasa mawili kati ya sita hayajaezekwa, kinyume na kauli ya meneja". Mwandishi alikiona baridi. Mimi nilikiona kina nguvu kuliko cha kwanza, kwa sababu kina jambo lenyewe ndani yake. Msomaji wa Wete anayejua skuli ile hana la kupinga, na meneja hana pa kushika.

Wiki hiyo hiyo tukapata muhtasari wa kikao cha kazi kilichofanyika siku nane kabla ya ile Jumamosi. Ndani yake imeandikwa kwamba vyumba viwili vinasubiri mbao na mabati, na chini kuna saini ya meneja kama mwenyekiti wa kikao. Hapo habari ilibadilika. Alikuwa anajua, na amejua kwa maandishi, na siku nane ni chache mno kwa mtu kudai amesahau. Hapa ndipo neno "uongo" linapopata miguu. Tulimpigia tena tukamsomea mstari ule, akakata simu. Tukaandika kwamba meneja alitoa kauli ya uongo, na sentensi iliyofuata moja kwa moja ikaeleza muhtasari, tarehe na saini. Neno zito halikai peke yake. Likitangulia, ushahidi wake uwe nyuma yake hapo hapo, usiwekwe aya ya tisa.

Mwandishi akataka tupande ngazi nyingine, tuandike "ulaghai". Nilikataa, na bado ningekataa leo. Ulaghai si uongo mkubwa tu. Ni uongo unaomnufaisha mtu kwa hasara ya mwingine: malipo, saini, kura, kiwanja. Kama tungekuwa na hati ya kudai malipo ya mwisho iliyoandikwa kwamba kazi imekwisha, tungeieleza hati hiyo ilivyo, kiasi kilichoombwa na aliyeisaini, na neno ulaghai tungewaachia wachunguzi na mahakama. Hati hatukuwa nayo.

"Uzushi" nao ulikuwa haufai, kwa sababu tofauti kabisa. Kinachozushwa hakina mzizi. Hapa madarasa manne yalikuwepo na mradi ulikuwepo. Neno hili lihifadhi kwa ile barua yenye mhuri wa kughushi inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ikisema safari za boti baina ya Unguja na Pemba zimesitishwa, wakati hakuna ofisi iliyoiandika. Na hata hapo, mzushi ni aliyeitengeneza. Shangazi yako aliyeisambaza kwa hofu ya mtoto wake aliye safarini si mzushi, na habari ikisema "wananchi wazusha" imewakosea. Kama asili ya maneno haijulikani na hujayapima bado, huo ni uvumi, uite hivyo.

Kwa upande wa chini kuna chuku. Mratibu wa mkutano wa Kibandamaiti anasema walihudhuria maelfu kwa maelfu, na picha zinaonesha uwanja uliojaa nusu. Mkutano ulikuwepo na watu walikuja, ila idadi imevimbishwa. Sipendi kumwita mtu huyo muongo kwenye habari. Napenda kuandika idadi aliyoitaja, kisha picha zinaonesha nini, na kama lazima niseme neno, "ametia chuku" linatosha. Ukimpa huyu neno lile lile ulilompa meneja wa Wete, msomaji hatajua tena lipi lina uzito.

Neno linalotumika ovyo zaidi kuliko yote, kwa maoni yangu, ni "kupotosha". "Kauli hiyo inapotosha" ni sawa pale maneno yenyewe ni ya kweli lakini yameachwa nusu, kwa mfano meneja angesema tu kwamba "wanafunzi wameshaanza kusomea madarasa mapya", akanyamaza kuhusu mawili. Lakini "meneja apotosha umma" imeshamtia nia, na umerudi kwenye mzigo ule ule wa kuithibitisha. Ukiifanya kauli ndiyo mtenda, unabaki kwenye unachokijua.

Tazama pia vitenzi vya kunukuu, maana huko ndiko uongo unakopita bila ya mtu kuuona. Tumezoea kuandika "alibainisha", "alifafanua", "aliweka wazi" ili tusirudie "alisema". Vitenzi hivyo vinathibitisha. Ripoti ya kwanza ya redio moja kuhusu madarasa yale ilisema meneja "alibainisha kuwa yote yamekamilika", na kwa msikilizaji jambo likawa limeshakwisha. Tumia "alisema". Halichoshi. "Alidai" nalo lina shaka ndani yake, kwa hiyo liweke pale una sababu ya shaka na umeionesha.

Usidhani kwamba tahadhari hii ni woga wa visiwani. Januari 2017 redio ya NPR ya Marekani ilieleza kwa nini haiyaiti maneno ya Donald Trump uongo: haiwezi kujua nia yake. Safu ya kupima ukweli ya gazeti la Washington Post ilikuwa na msimamo wa karibu na huo hadi Agosti 2018. Trump alikuwa amesema hajui chochote kuhusu malipo ya dola 130,000 ya kumnyamazisha mwanamke mmoja. Aliyekuwa wakili wake, Michael Cohen, akakiri mahakamani kwamba malipo hayo aliyafanya kwa maelekezo ya Trump mwenyewe. Ndipo safu ile ikaandika kwamba huo ni uongo. Kilichobadilika ni ushahidi wa alichokuwa anakijua, sawasawa na muhtasari wetu wa Wete.

Sheria nayo inapita njia hiyo. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinamtia hatiani anayechapisha taarifa "akijua" kuwa si ya kweli, na akiwa na nia kama ya kukashifu, kutisha, kutukana au kuupotosha umma. Mwendesha mashtaka anadaiwa athibitishe kujua na kukusudia. Mwandishi anayeandika "muongo" bila ya kimoja kati ya hivyo anajiweka pabaya kwa kesi ya kashfa.

Jambo la mwisho ni la kazi ya kila siku. Ukishakubaliana na mwandishi juu ya neno, fuatilia linapokwenda. Habari yetu ya kwanza ilisema "kinyume na kauli ya meneja", na aliyetengeneza picha ya kuweka Instagram akafupisha kwa wino mwekundu: "MENEJA AFICHUKA KWA UONGO". Siku ile muhtasari wa kikao tulikuwa bado hatujauona. Tuliishusha, tukaweka nyingine yenye maneno "Madarasa 2 kati ya 6 bado hayana paa", na tangu hapo maandishi ya picha yanapita kwa mhariri yule yule aliyeipitisha habari.