Kikao cha pesa cha familia: dakika 40, daftari moja na kibubu

Kikao kifanyike siku moja au mbili baada ya mshahara kuingia, kabla pesa haijaanza kutoka. Kikiwekwa tarehe 20 kinageuka kikao cha lawama, kwa sababu hakuna tena cha kupanga. Dakika 40 zinatosha.

Dakika 10 za mwanzo ni za daftari. Kijana asome mwenyewe alivyotumia posho ya mwezi uliopita, na mzazi asome bili moja tu ya nyumba, kwa mfano jumla ya umeme wa LUKU. Mzazi asianze kugomba hapa. Kijana akikaripiwa kwa chipsi za 3,000, mwezi ujao daftari litakuja safi na la uongo.

Kisha posho ikabidhiwe palepale, taslimu, maana kwenye simu makato ya kutoa yanamega pesa ndogo. Tuseme ni 30,000 kwa mwezi, nauli na chakula cha shule vikiwa nje ya hiyo. Kijana atoe akiba kwanza, 6,000, aitie kwenye kibubu mbele ya wote. Akiba ya kusubiri kitakachobaki huwa haibaki. Kwa anayeanza, msimpe zote: 7,500 kila wiki kwa miezi miwili, halafu nusu kila wiki mbili, ndipo mwezi mzima.

Muda unaobaki, karibu nusu ya kikao, ni wa maombi, na hapa ndipo penye kazi. Kila ombi liulizwe: tukikosa hiki mpaka kikao kijacho, kitakwama nini? Ugumu ni kwamba vitu vingi ni hitaji na matakwa kwa pamoja. Chukua viatu vya shule. Vya zamani vimeachia soli, kwa hiyo viatu ni hitaji. Vya ngozi, imara, vinapatikana kwa 28,000, lakini kijana anataka vya 55,000. Msibishane kama ni vizuri. Mzazi alipe 28,000 na kijana abebe 27,000 zilizozidi. Kwa akiba ya 6,000 atahitaji miezi mitano, akipandisha hadi 9,000, mitatu. Soli haisubiri miezi mitatu, basi mara nyingi atachagua vya 28,000 mwenyewe bila kununa sana.

Yanayoharibu mpango ni mawili. La kwanza ni mzazi kuongeza pesa katikati ya mwezi kijana akiishiwa. Nauli na chakula vipo, kwa hiyo mwache akae mikono mitupu hadi kikao. La pili, baya zaidi, ni mzazi kukopa kwenye kibubu cha mtoto akasahau. Ukikopa, deni liandikwe kwenye daftari lilelile pamoja na tarehe ya kulipa, na kikao kijacho lisomwe kwa sauti kabla ya lolote.