Kisanduku cha hisa darasa la sita: msiifiche kadi ya mvua ya mawe

Mwalimu mmoja wa Njombe ameniandikia kwamba wanafunzi wake wameucheza mchezo wa kisanduku, ule wa kuweka akiba na kukopeshana kama kikoba, muhula mzima na kila kikundi kimepata faida. Anauliza aongeze nini. Namjibu hapa, maana wengi mnaulizia jambo hilohilo: ongeza hasara.

Huku Mbeya watoto wamekulia kwenye vikoba vya mama zao. Kisanduku chenye kufuli tatu, washika funguo watatu na daftari la hisa si vitu vigeni kwao. Darasani natumia vizibo vya soda, kila kimoja shilingi 100, ndiyo bei ya hisa. Fedha halisi ya mtoto haiingii humo hata siku moja. Mwanachama hununua hisa moja hadi tano kwa kikao, na hakopi zaidi ya mara tatu ya akiba yake.

Chukueni kikundi changu cha juzi. Baada ya vikao viwili kilikuwa na hisa 20, yaani shilingi 2,000. Binti mwenye hisa sita alikopa 1,000 alime viazi, riba asilimia 10 kwa mwezi, miezi miwili: deni 1,200. Kisha akavuta kadi inayoamua mavuno yake. Kadi njema ingempa 1,500. Angelipa deni, abaki na 300, na kisanduku kingefika 2,200, hisa moja ikawa 110. Akavuta ya mvua ya mawe. Mkononi alibaki na 400 tu, akazirudisha zote.

Kisanduku kikabaki na 1,400. Wakigawana kwa hisa zote 20, kila hisa ni 70, na waliojinyima wanabeba msiba usio wao. Walibishana mpaka kengele ikalia. Mwishowe wakakata hisa zake sita kufidia deni. Zikabaki hisa 14, na 1,400 kwa 14 ni 100 kamili. Kila mmoja akapata akiba yake bila faida. Zile 200 za riba hazikuonekana. Mtoto mmoja akasema, "Mwalimu, kumbe riba siyo hela mpaka ilipwe." Nilijivuna sana, sifichi.

Kuna mwenzangu mmoja aliwahi kusema ofisini kwamba nafundisha watoto kamari. Neno lile bado linaniuma. Kamari haina daftari wala dhamana! Walimu, mtoto anayefanya hesabu ya riba ubaoni bila kumwona mkopaji aliyeshindwa, kesho atakopa kwa yeyote atakayemnyooshea mkono. Msimwonee huruma ya namna hiyo.

Mkianza, kila kikao kifungwe kwa kutangaza salio kwa sauti, wote wakilikariri. Kikao kinachofuata kifunguliwe kwa kuhesabu vizibo kabla ya lolote. Visipolingana na salio lile, msiuze hisa hata moja. Pitieni daftari mstari kwa mstari, mkianzia mkopo wa mwisho, kwa kuwa marejesho ndiyo husahaulika kuandikwa.